Nimkatalieje Mwalimu mswada wake bila kumvunja moyo?

*Shikamoo Mama,*

*Mimi ni mhariri msaidizi katika kampuni ndogo ya uchapishaji hapa Dar es Salaam, mwaka wangu wa pili kazini. Nimepewa mswada wa riwaya wa mwalimu mstaafu kutoka kusini Unguja, rika la baba yangu. Unamhusu Mwanaidi, mkulima wa mwani anayeshuku kwamba wakala wa mnunuzi anawapunja kwenye mizani. Una kurasa 212. Mwanzo ulinishika, lakini kuanzia kama ukurasa wa 60 unazorota, na unazinduka tena karibu na mwisho. Mkuu wangu naye ameusoma, tukakubaliana kwamba hatuwezi kuuchukua kama ulivyo. Ameniachia mimi niandike barua.*

*Nimeorodhesha kasoro 14: wahusika wengi, mazungumzo marefu, ndoto mbili, harusi isiyo na kazi, Kikae cha bibi, lahaja ya kusini Unguja ambayo wasomaji wa bara hawataielewa, na kadhalika. Nikiziandika zote atakata tamaa. Nikimtumia ile barua yetu ya kawaida, "haulingani na mahitaji yetu kwa sasa", nitakuwa nimemdanganya, maana naamini riwaya nzuri imo humo ndani. Nimwandikieje mtu mzima kama huyu? Nimeambatisha muhtasari na kurasa nilizozitia alama.*

*Mhariri msaidizi, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu.

Barua iweke pembeni kwanza, turudi kwenye orodha yako. Kasoro 14 ni nyingi mno kwa mtu mwenye jicho kama la huyu mwalimu. Orodha ikirefuka namna hiyo, mara nyingi mhariri ameandika dalili zote na ugonjwa wenyewe hajautaja. Ukimtumia mwandishi dalili, atazitibu moja moja: atakata ndoto, atafupisha mazungumzo, atamwondoa shangazi, na baada ya miezi sita atakurudishia mswada uleule ukiwa mwembamba zaidi na umezorota palepale.

Nimezisoma kurasa ulizoambatisha, na kwa maoni yangu shida iko ukurasa wa 31. Tangu mstari wa kwanza msimulizi amekuwa akitembea na Mwanaidi. Tunaona anachokiona, tunajua anachokijua. Halafu ghafla msimulizi anamwacha na kuingia kichwani mwa wakala: "Alijua fika kwamba mizani ile haisemi kweli, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyeichezea." Ukurasa mmoja na nusu tunaelezwa alivyofanya na sababu zake. Kisha tunarudi kwa Mwanaidi, ambaye ndiyo kwanza anaanza kushuku, na anashuku kwa zaidi ya kurasa 100. Mpaka ukurasa wa 143, anapokopa dukani mfuko wa mchele wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, anautundika kwenye mizani ya wakala mbele ya wenzake, na mshale unasimama kwenye 45.

Tukio hilo la mfuko wa mchele ni zuri sana. Mwanamke asiye na cheo wala wakili amepata njia ya kuthibitisha wizi kwa kitu kinachouzwa kila duka la kijiji. Lakini wewe mwenyewe umeandika pembeni: "sikushtuka". Hukushtuka kwa sababu ulijua tangu ukurasa wa 31. Mwandishi alitumia siri yake mapema, na alipofika pa kuitumia hakuwa nayo tena.

Sasa zitazame kasoro zako kwa jicho hilo. Wanawake wanajadiliana kwa kurasa nne kama mizani ni nzima au la, nawe ukaandika "mazungumzo marefu". Yasingekuwa marefu kama msomaji naye angekuwa hajui, kwa sababu angekuwa anayasikiliza akitafuta jibu. Ndoto ya ukurasa wa 74 na ile ya 109, harusi, binamu anayetoka Pemba na kuondoka bila kufanya lolote: vyote vimewekwa na mwandishi aliyehisi kwamba katikati pamelegea, akatafuta vya kupajazia. Alihisi sawasawa, ila hakujua palipolegezwa ni wapi. Kwa hesabu yangu kasoro tisa kati ya 14 zinaingia humo.

Ipo njia rahisi ya kulipima hili kwenye mswada wowote. Chukua karatasi, kwa kila sura andika mambo mawili: mhusika mkuu anataka kujua nini, na msomaji anajua nini ambacho mhusika hajui. Sura moja au mbili msomaji akitangulia, hakuna ubaya. Tena wakati mwingine ndiko kunakoleta taharuki, iwapo anachokijua kinamtia mhusika hatarini: tunajua mtu yuko nyuma ya mlango, na yeye anaufungua. Ila katika mswada huu wakala hamfanyii Mwanaidi chochote kati ya ukurasa wa 31 na wa 143. Hakuna hatari inayonyemelea. Msomaji amekaa tu akimsubiri Mwanaidi afike alipo yeye.

Kikae kitoe kwenye orodha kabisa. Bibi mzee wa kusini Unguja akisema Kiswahili cha taarifa ya habari, umemuua. Umetia alama maneno usiyoyafahamu wewe, lakini nimeangalia, na karibu yote maana yake inajulikana kutokana na anachokifanya bibi wakati anasema. Shida halisi ni nyingine: ukurasa wa 12 anasema Kikae, wa 70 anasema Kiswahili sanifu, na hakuna sababu ya kubadilika. Hilo mwambie.

Kuhusu umri wake. Najua tulivyolelewa, mkubwa haambiwi "hapana" usoni, inazungushwa mpaka mwenyewe aelewe. Kwenye barua ya aina hii kuzungusha kunamtesa. Mwandishi anayengoja jibu huipitia barua nzima akitafuta neno moja tu, na asipoliona anaisoma mara tatu akijiuliza kama amekubaliwa. Heshima yako kwake ionekane kwenye salamu, na zaidi ionekane kwamba umemsoma mpaka ukurasa wa mwisho. Mwalimu amesahihisha insha maisha yake yote. Anamjua mtu aliyesoma na anamjua aliyepekua.

Hii hapa barua ninayoweza kuiandika mimi. Ibadilishe iwe ya kwako.

---

*Mwalimu wangu,*

*Shikamoo.*

*Asante kwa kutuletea mswada wako. Nimeusoma wote mara mbili, na mkuu wa uhariri ameusoma pia. Tumeamua kutouchapisha ulivyo sasa. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu naiona riwaya ndani yake, na ningependa kukueleza ninavyoiona.*

*Ukurasa wa 17, Mwanaidi anafunga mbegu kwenye kamba kwa nyuzi za tai-tai, maji yanaanza kujaa, na kamba mbili bado. Hukuniambia kwamba ni maskini wala kwamba amechoka. Niliviona vidole vyake. Ukurasa wa 143, mfuko wa mchele unapotundikwa, umepata tukio ambalo kitabu kizima kinaweza kulitegemea: halihitaji maelezo, mtoto wa shule ataelewa kilichotokea, na hakuna anayeweza kulibishia.*

*Lakini tukio hilo halikunigusa kama lilivyostahili, nikarudi nyuma kutafuta sababu. Nadhani ni ukurasa wa 31. Mpaka hapo tuko na Mwanaidi peke yake. Hapo tunaingia kwenye mawazo ya wakala na kuambiwa kwamba mizani imechezewa. Kuanzia hapo najua jibu la swali ambalo Mwanaidi analitafuta kwa zaidi ya kurasa 100, na ninabaki kumngoja. Kurasa za 60 hadi 140 zilinilemea, na naamini zisingenilemea kama ningekuwa sijui.*

*Ningependa ulijaribu hili: iondoe sehemu hiyo ya ukurasa wa 31, pamoja na kurasa za 57 na 102 ambako tunaingia tena mawazoni mwake, na umwache wakala aonekane kwa nje tu, kama Mwanaidi anavyomwona. Usihofu kwamba msomaji hatamshuku. Ukurasa wa 28 umeshaandika kwamba kila jioni huishusha mizani kwa mkono wake mwenyewe, huifunga kwenye kanga na kurudi nayo nyumbani. Hiyo inatosha kumfanya mtu ajiulize. Zikipatikana ishara nyingine mbili tatu za namna hiyo, ndogo na za nje, msomaji atakuwa anashuku pamoja na Mwanaidi.*

*Ukibadilisha hapo, sababu za wakala kufanya aliyoyafanya zitakosa mahali. Sababu hizo ni nzuri, hasa deni lake mwenyewe kwa mnunuzi, na zisipotee. Fikiria kama anaweza kuzitoa kwa kinywa chake baada ya ukurasa wa 143, mbele ya wanawake aliowapunja. Hapo zitakuwa utetezi, na kila mmoja wao atalazimika kuamua kama anaukubali.*

*Nakuomba uanze na hilo kabla ya kugusa kitu kingine. Kisha zisome upya kurasa za 60 hadi 140. Ndoto mbili, harusi na ujio wa binamu nilizitilia shaka, lakini sikushauri uzikate sasa. Siri ikishafichika, utaona mwenyewe ni ipi inayoisogeza hadithi na ipi iliwekwa kujaza.*

*Yapo mambo madogo ambayo msomaji wa pwani atayakamata. Ukurasa wa 9 mama yake Mwanaidi anafunga mwani kwenye kamba mwaka 1984. Kilimo hicho cha kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989. Kabla ya hapo watu waliokota mwani uliojiotea. Ukurasa wa 64 wanawake wanashuka kuvuna mwezi ukiwa na siku saba, nayo ni siku ya maji mafu, maji hayapwi vya kutosha. Ukiisogeza hadi bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, utapata na mwanga tofauti wa usiku unaofuata. Mwisho, bibi anasema Kikae ukurasa wa 12 na Kiswahili sanifu ukurasa wa 70. Mimi ningependa abaki na Kikae chake mwanzo hadi mwisho.*

*Uko huru kuupeleka mswada kwa mchapishaji mwingine wakati wowote, na si lazima ukubaliane na maoni yangu. Ukiamua kuuandika upya kwa njia hii, nitafurahi kuusoma tena, wote, mimi mwenyewe. Siwezi kukuahidi kwamba tutauchapisha. Naahidi kwamba utasomwa kama mswada mpya na utapata jibu lenye sababu. Hatujaweka tarehe ya mwisho.*

*Wako katika kazi,*

*Mhariri msaidizi*

---

Utaona kukataa kumekuja kwenye aya ya kwanza, kabla ya sifa. Wahariri wengi hufanya kinyume: sifa aya mbili, kisha "hata hivyo". Mwandishi akishalikuta "hata hivyo" zile sifa zinageuka kuwa mapambo, haziamini tena. Akijua kwanza kwamba jibu ni hapana, sifa zinazofuata hazina cha kumlaghai, na atazichukua kama habari kuhusu kazi yake. Ndiyo maana pia kila sifa ina namba ya ukurasa. "Una kipaji" hakumfundishi kitu. "Ukurasa wa 17 niliviona vidole" kunamwambia nguvu yake iko wapi, naye ataitafuta nguvu hiyohiyo atakapokuwa anamwandika wakala kwa nje.

Sikumwandikia ishara hizo mbili tatu, ingawa mkono uliniwasha. Ukimpa mwandishi sentensi, ataichukua kama ilivyo, hasa akiona imetoka ofisini, na kitabu kitakuwa na viraka vya sauti yako. Mwonyeshe mahali alipokwisha kufanya vizuri yeye mwenyewe, mwambie aendelee hivyo. Kwa sababu hiyohiyo usimtumie faili la mswada lililojaa masahihisho yako ya koma na tahajia. Mtu akiliona faili la namna hiyo hukubali marekebisho yote kwa asubuhi moja na kuamini kazi imekwisha. Tahajia ina wakati wake, na hauanzi kabla ukurasa wa 31 haujatatuliwa.

Labda utajiuliza kwa nini tusimkubalie kwa masharti, aandike upya tukiwa tumeshafunga mkataba. Kwa marekebisho ya sura moja au mbili ningekuambia ufanye hivyo. Hapa kunabadilika njia ya kusimulia karibu nusu ya kitabu, na hamjaona bado kama anaweza. Akishindwa mkiwa na mkataba, mtajikuta mnalazimika kuchapisha kitabu msichokiamini au kuvunja makubaliano na mzee wa watu. Hapana iliyo wazi inamlinda yeye zaidi kuliko ndiyo yenye kamba.

Ile barua yenu ya "mahitaji yetu kwa sasa" ina kazi yake. Mswada ukiwa mzuri na nyinyi mnachapisha vitabu vya kiada tu, mwambie hivyo kwa sentensi mbili na umtajie aina ya wachapishaji wanaomfaa. Usiongeze ushauri wa kuandika upya, maana atabadilisha kitabu ambacho hakikuwa na tatizo. Na mswada usiouona ukisimama hata ukiandikwa upya, usiufungulie mlango kwa huruma. Mtu atakupa mwaka wake mzima kwa sentensi uliyoiandika kwa adabu.

Ukishatuma, huenda akapiga simu. Wazee wengi hawajibu barua pepe, hupiga. Msikilize, na akikueleza kwa nini alimfungua wakala ukurasa wa 31, andika anachokisema. Pengine alitaka msomaji amhurumie yule kijana tangu mapema, na hilo ni lengo halali. Hapo usibishane naye kuhusu njia uliyopendekeza. Muulize huruma hiyo angeipataje bila kuitoa siri, kisha umwachie.

Mswada ukirudi baada ya wiki mbili, ufungue ukurasa wa 31 kwanza, halafu wa 57 na wa 102. Kama sentensi za mawazo ya wakala zimefutwa tu na hakuna kilichoandikwa mahali pake, mwambie kwa upole kwamba bado, na umwonyeshe pengo liko wapi. Ukikawia miezi minane, usiwe na wasiwasi, kuandika upya kwa namna hii ndivyo kunavyochukua muda.

Jambo la mwisho ni la ofisini kwako. Kabla hujatuma, mpe mkuu wako asome ile aya ya mwisho ya barua, neno kwa neno, na akubali. Ukihama kazi mwakani, Mwalimu atarudi na mswada wake na barua yako mkononi, na atakayempokea mlangoni ni mtu mwingine.